Shilingi ya kidijitali na malipo ya Arusha kwenda Nairobi: makato gani yatapungua na gani yatabaki

Mfanyabiashara wa spea pale Unga Limited, Arusha, anachukua mzigo kwa muuzaji wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Muuzaji anataka shilingi za Kenya, na yeye mkononi ana shilingi za Tanzania. Siku hiyohiyo lori la vitunguu kutoka Mang'ola limeshusha Nairobi, na mwenye vitunguu amelipwa shilingi za Kenya, akitaka kuzirudisha Karatu zikiwa shilingi za Tanzania awalipe vibarua na mwenye shamba. Ukiwatazama kwa pamoja, kila mmoja anayo fedha anayoitafuta mwenzake. Lakini wakipitia benki, hawa wawili hawakutani kabisa. Wa spea ananunua dola Arusha, na dola hizo zinauzwa Nairobi. Wa vitunguu dola zake zinanunuliwa Nairobi zikauzwe Arusha. Kila upande unabadilisha mara mbili, na kila unapobadilisha unaacha kitu.

Watu wanapozungumzia sarafu ya kidijitali ya benki kuu, ahadi inayorudiwa sana ni kwamba malipo ya namna hii yatakuwa rahisi na ya haraka. Kuhusu haraka, ushahidi upo. Kuhusu gharama, jibu linategemea unaongelea sehemu ipi ya gharama, na watu wengi, hata baadhi ya wanaoandika taarifa rasmi, wanazichanganya. Nataka nizitenganishe hapa kwa kufuata malipo hayo ya spea hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Fedha iliyo kwenye akaunti yako ya benki ni deni ambalo benki yako inadaiwa na wewe. Salio la kwenye simu nalo ni dai lako kwa kampuni ya simu, likiwa limewekewa dhamana ya fedha iliyo kwenye akaunti za benki. Noti ya elfu kumi ni tofauti: anayekudhaminia hiyo ni Benki Kuu ya Tanzania yenyewe, bila mtu katikati. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni fedha ya aina hiyo ya tatu, ila badala ya karatasi ni rekodi ya kielektroniki. Thamani yake ni ileile ya shilingi, si bitikoini, na haipandi wala kushuka dhidi ya shilingi.

Zipo za aina mbili. Moja ni ya rejareja, ambayo mwananchi anaishika kwenye pochi ya simu, kama Sand Dollar ya Bahamas iliyoanza Oktoba 2020 au eNaira ya Nigeria iliyozinduliwa Oktoba 2021. Nyingine ni ya jumla, inayotumiwa na mabenki peke yao kulipana. Kwa malipo ya kuvuka mpaka hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo isiyosikika redioni. Benki Kuu ya Tanzania ilieleza Januari 2023 kwamba bado iko kwenye utafiti na inakwenda hatua kwa hatua. Kenya ilitoa waraka wa majadiliano Februari 2022, kisha katikati ya 2023 ikasema jambo hili si kipaumbele cha haraka. Kwa hiyo mpaka wa Namanga bado hauna malipo ya namna hii, na hesabu nitakayoipiga ni ya kuonyesha njia tu.

Twende kwenye malipo. Spea zimeuzwa kwa shilingi za Kenya 390,000. Nitatumia viwango vya kubadilisha fedha vilivyo rahisi kukokotoa, ambavyo haviko mbali na vya miaka ya karibuni: dola moja kwa shilingi 2,600 za Tanzania, na dola hiyohiyo kwa shilingi 130 za Kenya. Ukigawanya, shilingi moja ya Kenya ni sawa na 20 za kwetu. Hizi ni bei za kati, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza. Kwa bei hiyo ya kati deni la spea ni dola 3,000, au shilingi za Tanzania 7,800,000. Shika namba hiyo, kwa sababu chochote kitakachozidi hapo ni gharama ya kuvuka mpaka, iwe imeandikwa kwenye risiti au haikuandikwa.

Benki ya Arusha haimuuzii mteja dola kwa 2,600. Tuseme inamuuzia kwa 2,640. Benki ya Nairobi nayo hainunui dola kwa 130. Tuseme inanunua kwa 128. Katikati kuna benki ya tatu, mara nyingi New York, ambako benki zote mbili, au benki zinazowawakilisha, zina akaunti za dola. Dola hazisafiri kwenda popote. Ujumbe unapita kwenye mtandao wa SWIFT, na benki ile ya katikati inapunguza kwenye akaunti moja na kuongeza kwenye nyingine, kisha inakata chake. Tuseme inakata dola 25, na benki ya Arusha inatoza shilingi 100,000 kwa kutuma.

Ili muuzaji wa Nairobi apate 390,000 kamili kwa bei ya 128, zinatakiwa ziingie dola 3,046.875. Ongeza 25 za benki ya katikati, inakuwa 3,071.875. Zidisha kwa 2,640 unapata shilingi 8,109,750. Weka na ada ya kutuma, jumla ni 8,209,750. Mfanyabiashara ametoa shilingi 409,750 zaidi ya thamani ya mzigo, zaidi kidogo ya asilimia 5.

Sasa zipasue hizo 409,750. Ada ya kutuma na makato ya benki ya katikati vikijumlishwa ni shilingi 166,000. Hiyo naiita gharama ya njia: ni malipo ya kupitisha fedha kutoka hapa kwenda pale. Zinabaki 243,750, ambazo hazikuandikwa kama ada mahali popote. Zimejificha ndani ya tofauti kati ya bei ya kati na bei aliyopewa, mara moja Arusha na mara ya pili Nairobi. Hiyo ni gharama ya kubadilisha. Katika mfano huu gharama ya kubadilisha ni kubwa kuliko gharama ya njia, na kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa ndivyo inavyoizidi, kwa sababu ada ya kutuma haipandi sana lakini tofauti ya bei inakula asilimia ya kila shilingi. Kwa anayetuma kidogo hali inageuka: ada isiyobadilika inamla zaidi. Ndiyo maana kumtumia mtu kiasi kidogo kwa benki kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki kumeonekana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa njia za gharama kubwa duniani katika vipimo vya Benki ya Dunia.

Swali basi ni hili: sarafu ya kidijitali inagusa ipi kati ya hizo mbili?

Gharama ya njia inaigusa moja kwa moja. Chukua sarafu ya aina ya jumla. Benki Kuu ya Tanzania na Benki Kuu ya Kenya kila moja inatoa shilingi yake ya kidijitali kwenye leja moja ya pamoja, yaani daftari la hesabu la kielektroniki, au kwenye leja mbili zinazosomana. Benki ya Arusha ina shilingi za Tanzania humo ndani. Benki ya Nairobi ina shilingi za Kenya. Malipo yanapofanyika, shilingi za Tanzania zinatoka kwa mmoja na za Kenya zinatoka kwa mwingine kwa wakati mmoja, na mfumo umefungwa hivi kwamba upande mmoja hauwezi kukamilika mwingine ukabaki. Hakuna benki ya tatu ya kushikilia fedha, hakuna kusubiri New York wafungue ofisi, na hakuna siku ya pili ya kupiga simu kuuliza ujumbe umekwama wapi.

Hilo la kukamilika pamoja lina historia yake. Tarehe 26 Juni 1974 benki ya Kijerumani iitwayo Herstatt ilifungwa na mamlaka mchana wa Ujerumani, ikiwa imeshapokea maki, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo, kutoka kwa mabenki iliyobadilishana nayo, wakati dola ilizotakiwa kulipa New York zilikuwa bado hazijatoka kwa sababu kule ilikuwa asubuhi. Waliotoa maki walibaki mikono mitupu. Tangu wakati huo mabenki yamekuwa yakiweka kinga dhidi ya hatari hiyo, na kinga inagharimu fedha. Kwa sarafu kubwa kuna mfumo wa CLS, ulioanza 2002, unaohakikisha pande mbili zinalipana kwa pamoja. Lakini CLS inahudumia sarafu 18 tu, na kutoka Afrika imo randi ya Afrika Kusini peke yake. Shilingi zetu zote mbili ziko nje. Kwa hiyo leja ya pamoja ya sarafu za benki kuu ingezipa shilingi kinga ambayo dola na yuro zimekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20, na kwa maoni yangu faida hiyo inastahili kuzungumzwa zaidi kuliko pochi za simu.

Majaribio yapo. Mradi wa mBridge uliunganisha benki kuu za China, Hong Kong, Thailand na Falme za Kiarabu, pamoja na kituo cha ubunifu cha Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel. Kwa wiki sita mwaka 2022, mabenki 20 yalifanya malipo halisi zaidi ya 160 yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 22. Awamu iliyotangulia, iliyoripotiwa 2021, ilionyesha kwamba malipo yanayochukua siku yanaweza kukamilika kwa sekunde, na kwamba baadhi ya gharama kuu za mfumo wa benki za uwakilishi zinaweza kupungua hadi nusu. Oktoba 2024 Benki ya Malipo ya Kimataifa ilitangaza kujitoa na kuwaachia mradi wanachama wengine. Leja ya pamoja ni chombo cha nchi nyingi, na suala la nani anakishika usukani halijawahi kuwa la kiufundi tu.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Tuseme leja hiyo ipo, na gharama ya njia imeshuka kutoka 166,000 hadi 20,000. Lakini mabenki yetu mawili bado yanapanga bei ya shilingi kwa shilingi kwa kupitia dola kichwani mwao, kama wanavyofanya leo: 2,640 upande huu, 128 upande ule. Mfanyabiashara atalipa 243,750 zilezile za tofauti ya bei na 20,000 za njia, jumla 263,750. Ametoka asilimia 5 hadi asilimia 3 na nusu hivi. Ni nafuu ya kweli, lakini zaidi ya nusu ya mzigo imebaki mabegani mwake, na mtu aliyeahidiwa malipo ya karibu bure atajiona amedanganywa.

Kwa nini tofauti ya bei haikuondoka? Kwa sababu haikuwa malipo ya kusafirisha ujumbe tangu mwanzo. Ni malipo ya mtu anayekubali kukaa na fedha ambayo wengine hawaitaki kwa sasa. Jambo hili ukitaka kuliona kwa macho, nenda Namanga.

Pale mpakani wapo wabadilishaji wenye laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Kenya, na salio kwenye zote mbili. Mtu wa spea anamtumia shilingi za Tanzania kwenye laini ya huku, naye anatuma shilingi za Kenya kutoka laini ya kule moja kwa moja kwa muuzaji wa Nairobi. Dakika chache kazi imekwisha. Hakuna dola iliyoguswa, hakuna fedha iliyovuka mpaka. Shilingi za Kenya alizotuma zilikuwa kwake tayari, pengine alizipata asubuhi kwa mwenye vitunguu. Shilingi za Tanzania alizopokea atampa mwenye vitunguu mwingine kesho. Yeye ndiye mahali ambapo wa spea na wa Mang'ola wanakutana bila kujuana. Sisemi watu wafanye hivyo. Kubadilisha fedha bila leseni ni kosa, na kuna usiku ambao anayetuma kwanza hulala macho, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha wa pili kutuma. Ni hatari ileile ya Herstatt, kwa kiwango cha mtu mmoja.

Lakini tazama anavyopanga bei. Vitunguu na mahindi vikiwa vinapanda kwa wingi kwenda Kenya, shilingi za Kenya zinamjaa na za Tanzania zinamwishia. Anayemletea za Tanzania anapokelewa kwa bei nzuri, na anayemletea za Kenya anapunguziwa. Msimu ukipita na malori ya kwenda kaskazini yakawa machache, mambo yanapinduka. Na siku upande mmoja ukimwishia kabisa, inabidi akanunue mahali pengine, pengine kwa kupitia dola, na gharama hiyo anaiweka juu ya bei yako. Tofauti ya bei anayotoza inafuata mambo matatu yaliyofungamana: mizigo ya pande mbili inalingana kiasi gani, ana mtaji kiasi gani wa kukaa na salio pande zote, na kuna wabadilishaji wangapi wengine unaoweza kuwauliza. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloletwa na leja.

Hilo la mwisho, la wingi wa wabadilishaji, Arusha tunalijua kwa kuliishi. Novemba 2018 Benki Kuu, ikisaidiwa na vyombo vya ulinzi, ilifanya operesheni kwenye maduka ya kubadilishia fedha jijini, na mengi yakafungwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za udhibiti na utakatishaji fedha, na sizibishii hapa. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa na milango mingi ya kuulizia bei kwenye barabara moja akabaki na dirisha la benki, na mtu mwenye dirisha moja anachukua bei aliyoikuta.

Kuna ushahidi mwingine wa karibu zaidi, na huu naona unawahusu hasa wanaopanga shilingi ya kidijitali. Afrika Mashariki tayari ina njia ya shilingi kwa shilingi isiyopita New York. Inaitwa EAPS, ilianza mwishoni mwa 2013, na inaunganisha mifumo ya malipo makubwa ya benki kuu za kanda, yaani TISS ya Tanzania, KEPSS ya Kenya na ya majirani. Malipo yanafanyika kwa sarafu za nchi wanachama. Kwa upande wa njia, EAPS ilishatatua sehemu kubwa ya kile ambacho sarafu ya kidijitali inaahidi kutatua. Hata hivyo biashara nyingi ya kanda imeendelea kulipwa kwa dola. Ukiuliza mfanyabiashara kwa nini, mara nyingi hata jina la EAPS halijui. Lakini hata benki inayolijua inakutana na kikwazo kimoja: ili ilipe shilingi za Kenya lazima kwanza iwe nazo, na ili iwe nazo lazima kuwe na mtu wa kuiuzia kwa bei isiyoumiza. Soko hilo la moja kwa moja kati ya shilingi mbili ni jembamba. Soko la dola ni pana kila upande. Kwa hiyo wote wanazunguka kupitia dola, na kwa kuwa wote wanazunguka, soko la moja kwa moja linabaki jembamba. Barabara ilishajengwa, malori hayapiti, na kuijenga upya kwa lami ya kidijitali hakutayaleta peke yake.

Je, basi sarafu ya kidijitali haina la kufanya kwenye gharama ya kubadilisha? Ninaamini inalo, lakini ni lazima liwe limekusudiwa tangu kwenye mchoro. Mfano mzuri ni mradi wa Icebreaker, ulioripotiwa Machi 2023, ambao benki kuu za Israel, Norway na Sweden ziliufanya na kituo kilekile cha Basel. Hapo kila nchi ilibaki na mfumo wake wa rejareja na sarafu yake haikutoka nje ya mfumo huo. Katikati kuliwekwa kitovu kimoja. Watoa huduma ya kubadilisha, ambao kila mmoja alikuwa na pochi kwenye mifumo ya nchi zote anazohudumia, walipeleka bei zao kwenye kitovu muda wote. Mtu akitaka kulipa, kitovu kinatafuta bei nafuu kuliko zote kwa wakati huo. Mtoa huduma anapokea sarafu ya mlipaji huku na kutoa sarafu ya mlipwaji kule, na kufuli la kiprogramu linahakikisha upande mmoja haufunguki bila mwingine. Ikiwa kuna njia nafuu zaidi kwa kupitia sarafu ya tatu, kitovu kinaweza kuichagua.

Msomaji wa Arusha ameshamtambua huyo mtoa huduma. Ni yule wa laini mbili wa Namanga, ila sasa ana leseni, mteja wake hawezi kutapeliwa, na bei yake imepangwa mstari mmoja na za wenzake ambapo mtu wa Unga Limited anaziona zote bila kupanda gari. Hapo ndipo teknolojia inapogusa tofauti ya bei: inawaleta wabadilishaji wengi mbele ya mteja mmoja, na inawapunguzia hatari ambayo leo wanaitoza ndani ya bei.

Tukokotoe. Tuseme kwenye kitovu cha namna hiyo bei bora ni 20.2 kwa shilingi ya Kenya badala ya 20 ya kati. Mfanyabiashara atalipa 7,878,000, yaani tofauti ya bei imekuwa 78,000. Ongeza 20,000 za njia, jumla ya gharama ni 98,000, asilimia moja na robo hivi. Kutoka 409,750 hadi 98,000 ni tofauti ambayo mtu wa spea anaihisi kwenye bei ya breki pedi anayomuuzia dereva wa bodaboda. Lakini bei hiyo ya 20.2 ina sharti: ipo siku ambazo wa vitunguu wapo upande wa pili. Siku mizigo ikielemea upande mmoja, mtoa huduma atalazimika kujaza salio lake kwa kupitia dola, na bei yake itasogea kuelekea ileile ya mzunguko. Hakuna programu inayoweza kuumba shilingi za Kenya ambazo hakuna anayeziuza.

Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kushika sarafu ipi lina uzito kuliko swali la aina ya leja. Je, benki ya Tanzania itaruhusiwa kukaa na shilingi za Kenya za kidijitali usiku kucha, na kwa kiasi gani? Je, kampuni isiyo benki, tuseme duka la fedha lenye leseni au kampuni ya simu, itaruhusiwa kuwa mtoa huduma kwenye kitovu? Benki kuu zina sababu za kuogopa: sarafu ya jirani ikishikika kirahisi kwenye simu, siku shilingi yako ikiyumba watu wataikimbia kwa kubofya mara moja. Kwa hiyo huwa wanafikiria ukomo wa kiasi anachoweza kushika mtu wa nje. Lakini ukomo ukiwa mdogo mno, mtoa huduma hawezi kubeba salio la kutosha, na tofauti ya bei inapanuka tena. Hapa hakuna jibu la bure, na ningependa kuona Benki Kuu yetu ikilijadili hadharani badala ya kuishia kwenye kueleza usalama wa mfumo.

Gharama nyingine isiyoyeyuka ni ya kumjua mteja. Anayetuma milioni nane kwenda nje anaulizwa ankara, namba ya mlipa kodi, na fedha imetoka wapi. Leja inaweza kubeba nyaraka hizo pamoja na malipo ili zisiulizwe mara mbili, jambo ambalo lingeokoa muda mwingi, lakini nchi zote mbili lazima zikubali ukaguzi uliofanywa na mwenzake. Hilo ni suala la mkataba.

Nigeria inatufundisha jambo la upande mwingine. Ilizindua eNaira ikitarajia, pamoja na mengine, kurahisisha fedha zinazotumwa na Wanigeria walio nje. Shirika la Fedha la Kimataifa liliripoti mwaka 2023 kwamba sehemu kubwa mno ya pochi zilizofunguliwa, zaidi ya asilimia 98, hazitumiki katika wiki ya kawaida. Wakati ule naira ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya mtaani, na ya mtaani ilimpa mpokeaji naira nyingi zaidi kwa kila dola. Nani atapitisha dola zake kwenye njia ya bei mbaya kwa sababu tu njia hiyo ni ya kisasa? Sisi tulionja kidogo hali hiyo mwaka 2023 dola zilipoadimika madirishani. Kipindi kama hicho ndicho ambacho njia ya shilingi kwa shilingi ingekuwa na faida kubwa kuliko zote, maana mtu wa spea angelipa Nairobi bila kugombania dola na anayeagiza mafuta.

Haki itendeke pia kwa njia nyingine, kwa sababu sarafu ya kidijitali haiko peke yake kwenye mbio hizi. Mfumo wa malipo wa Afrika uitwao PAPSS, ulioanzishwa na Afreximbank, benki ya Afrika ya biashara ya nje, na kuzinduliwa Accra Januari 2022, unamruhusu mlipaji kutoa sarafu yake na mlipwaji kupokea yake, huku benki kuu zikilipana tofauti halisi mwisho wa mzunguko. Huo ni utaratibu wa kukutanisha wa spea na wa vitunguu kwa hesabu, bila kuunda aina mpya ya fedha. Tangu 2015 watumiaji wa M-Pesa wa Tanzania na Kenya wanaweza kutumiana kuvuka mpaka, ingawa bei ya kubadilisha inapangwa na mtoa huduma na ukomo wa kiasi haumtoshi mwenye mzigo. Na ipo ndoto ya sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa kwenye itifaki ya Novemba 2013 kwa lengo la 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031. Hiyo ndiyo pekee ingeifuta gharama ya kubadilisha moja kwa moja, na bei yake ni kila nchi kukabidhi mamlaka juu ya fedha yake.

Kwa anayefanya biashara ya kuvuka mpaka leo, kuna kipimo ambacho hakisubiri teknolojia yoyote. Asubuhi ya siku ya malipo, fungua tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, kwenye jedwali la viwango vya kubadilisha fedha utaona bei ya kati ya shilingi ya Kenya. Zidisha kwa kiasi cha ankara. Kisha chukua jumla ya kila senti iliyotoka kwenye akaunti yako, pamoja na ada, hakikisha na mwenzako wa Nairobi ameingiziwa kiasi gani hasa, na utoe. Kilichobaki ndicho ulicholipa kweli kuvuka mpaka. Kipasue kama tulivyofanya, ada upande huu na tofauti ya bei upande ule, kabla hujaenda kubishana na benki kuhusu ada peke yake.

Na kipimo hichohicho ndicho kitakachotuonyesha kama shilingi ya kidijitali, siku ikija, imefanya kazi. Chukua bei ya moja kwa moja ya shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania utakayopewa ndani ya mfumo, ilinganishe na bei unayoipata ukizunguka kwa kununua dola huku na kuziuza kule. Zikiwa sawa, kilichobadilika ni kasi tu na soko la shilingi kwa shilingi bado halijazaliwa. Bei ya moja kwa moja ikianza kuwa nafuu kuliko ya mzunguko, na ikabaki hivyo hata msimu wa vitunguu ukiisha, basi wa spea na wa Mang'ola watakuwa wameanza kukutana.